Swali Halikuuliza Unaonaje

Mwalimu wa uraia alikuwa na kinyongo na serikali tangu mgomo wa walimu ulipogonga mwamba. Hakujua kwamba kinyongo hicho kilimfuata hadi ukumbi wa kusahihishia mitihani.

Meza yake, yaani kundi lake la wasahihishaji, ilipewa swali moja: “Eleza jinsi Bunge linavyoisimamia Serikali.” Hoja tano, kila moja alama mbili.

Siku moja alikutana na jibu lililomfanya atabasamu peke yake. “Bunge letu ni la kupiga makofi,” mtahiniwa aliandika. “Mbunge wetu alimuuliza waziri habari za daraja, akazungushwa. Bajeti ya serikali wanaiidhinisha huku wakisinzia. Aibu tupu!” Akampa nane.

Lililofuata lilimkera. “Bunge letu ni bora, tushukuru. Wabunge huwauliza mawaziri maswali, nao hujibu kwa heshima. Serikali haitumii fedha mpaka Bunge liidhinishe bajeti. Viongozi wanatupenda sana.”

“Kasuku,” akanong'ona, akaweka sifuri.

Kiongozi wa meza, mama mtu mzima aliyezoeleka kwa jina la Shangazi, ndiye aliyepitia upya baadhi ya karatasi zilizosahihishwa. Alizichomoa hizo mbili, akamwekea mwalimu mbele.

“Mwanangu, hawa wameandika kitu kimoja.”

“Kimoja? Shangazi, huyu kafumbua macho, yule anajikomba!”

“Hatukuwauliza Bunge ni zuri au baya. Tumeuliza linasimamiaje. Hebu funika maoni, unisomee kinachobaki.”

Akafunika kwa kidole, mstari kwa mstari. Karatasi ya kwanza: maswali kwa mawaziri, kuidhinisha bajeti. Ya pili: maswali kwa mawaziri, kuidhinisha bajeti.

“Lakini wanasinzia kweli,” alijitetea.

“Hata wakorome! Usingizi hauna alama, wala haukatiwi alama.”

Akakata nane, akaandika nne. Akakata sifuri, akaandika nne. Shangazi akatia sahihi pembeni. Ile nane ndiyo iliyomuuma.

“Naona kama nimemziba mdomo mtoto aliyesema kweli.”

“Hata mimi inaniuma,” Shangazi alisema, akivuta kiti. “Ila ukimpa kwa kuwa mnakubaliana, mwenzako hapo atamnyima kwa kuwa hawakubaliani. Mtoto atakuwa anacheza bahati nasibu.”

Mwenzake wa pembeni akainua kichwa. “Mimi tena? Nimetulia zangu!”

Meza nzima ikacheka, naye mwalimu akacheka, ingawa kwa shingo upande. Kisha, bila kuagizwa, akaurudisha mbele yake mzigo wote wa karatasi aliokwisha kuusahihisha tangu asubuhi.

Katikati ya mzigo alikuta jibu jingine la sifa tele, alilokuwa ameliwekea alama mbili. Alipofunika sifa, hoja zilikuwa tano: maswali, kamati, bajeti, ripoti ya mkaguzi wa hesabu, kura ya kutokuwa na imani. Zote zimeelezwa vizuri kabisa. Akashusha pumzi, akakata ile mbili, akaandika kumi, akampelekea Shangazi atie sahihi.