Kilomita Kumi za Wiki ya Nane

Mpango wangu wa kwanza wa nusu marathoni niliupanga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mbio: kilomita kumi na nane wiki mbili kabla, kisha kupunguza, na kila wiki ya nne iwe nyepesi. Mbio ya wiki ya nane, iliyo nyepesi, ikaangukia Jumapili ambayo kundi letu la kukimbia mlimani Entoto lilikwenda kilomita kumi na sita. Zangu zilikuwa kumi tu, kwa hiyo nikageuka kurudi kwenye kilomita ya tano.

“Tsige! Peke yako?” Hirut, mmoja wa kundi, alipaza sauti bila kusimama. “Kukimbia peke yako ni kutafuta afya tu, si ushindi!”

“Ni wiki yangu nyepesi, dada.”

“Basi hiyo karatasi ya mpango wako ikakukimbilie siku ya mbio!”

Wakacheka. Tangu nihamie Addis Ababa, naongea na watu siku za Jumapili tu, na nusura niwafuate. Lakini muundi wa mguu wangu ulikuwa ukiuma wiki nzima. Nikateremka. Vishindo vya viatu vyao vikapotelea kwenye mikaratusi.

Nyumbani niliubonyeza muundi. Haukuuma. Nikashika simu, nikapitia majina nikitafuta wa kuongea naye, nikaiweka chini.