Msikilize Mama Hapa

Mama mkwe wangu haoni tena, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa macho yake. Namsomea Neno asubuhi, namkata kucha, namtafutia kiatu cha pili. Kisha dada wa mume wangu akarudi kutoka ng'ambo na mabegi mawili, na Mama akaanza kuamka akiuliza, "Binti yangu yuko wapi?" kabla hata sijamsalimia.

Nilikuwa nimejiandikisha darasa la jioni la kompyuta. Nina miaka hamsini na miwili na shule niliiacha mapema, kwa hiyo darasa lile lilikuwa langu peke yangu. Wifi akasema, "Tusindikizane." Wiki ya tatu alishanipita.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuandika ukurasa mmoja juu ya mtu unayempenda, uonyeshwe ukutani kwa projekta siku ya kufunga darasa, mbele ya familia zetu. Sote wawili tulimwandika Mama. Wangu ulinichukua jioni tisa. Yeye aliandika mistari sita tu, halafu mwishoni akaweka maneno matatu: *Msikilize Mama hapa*. Alikuwa amemrekodi Mama kwa simu na kuiweka sauti yake kwenye mtandao. Akayachagua yale maneno, akabofya kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kiungo, akabandika anwani. Maneno yakageuka bluu na mstari chini yake.

"Ukibofya, Mama anaongea," mwalimu akaliambia darasa zima. "Hiyo ndiyo akili!"

Moyo wangu uliungua. Mtu asiyeona angefanya nini na jioni zangu tisa?

Siku iliyofuata niliwahi kupanga viti, kama kawaida yangu. Faili zote zilikuwa kwenye kompyuta ya mwalimu. Nikafungua ya wifi, nikabofya kulia juu ya yale maneno, nikachagua kuondoa kiungo. Maneno yalibaki, ila yakawa meusi kama mengine. Nikayapaka rangi ya bluu kwa mkono wangu, nikayapigia mstari. Kwa macho huwezi kutofautisha. Nikahifadhi, nikafunga. Usiku nilipiga magoti, nikainuka bila kusali.

Siku ya kufunga, Mama alikaa mstari wa mbele, ameshika mkono wa wifi.

"Mama yetu wa maombi," mwalimu akaniita, "tufungulie kwa sala."

Nikasimama. Nikafumba macho. Hata maneno "Baba yetu" sikuweza kuyasema. Watu walianza kukohoa. Nikafumbua macho, nikamwendea wifi na kumnong'oneza sikioni.

"Nimekitoa kiungo chako. Yale maneno ya bluu ni rangi tu. Nisamehe."

Wifi akanigeukia. "Wewe? Mwenye magoti yenye sugu?"

"Mimi."

"Basi kirudishe."

"Anwani sina. Nilishahifadhi na kufunga, haitenguliki."

"Ninayo mimi kwenye simu. Nenda kakae pale, nikusomee. Mbele ya watu wote, wifi."

Mwalimu alitaka kuuliza, akaona nyuso zetu, akanipisha kwenye kompyuta yake. Nikaketi, nikafungua faili yake. Nikayachagua yale maneno matatu, nikabofya kulia, nikachagua kiungo. Kisanduku kikafunguka. Wifi akasimama nyuma yangu akinisomea anwani herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

"Hapana, hiyo ni mstari wa kulala, si nukta. Futa. Jioni zote hizo mwalimu alikuwa anamfundisha nani?"

Watu wakacheka. Nikafuta, nikaandika tena, nikabonyeza sawa. Nilipoweka kishale juu ya maneno, safari hii kijisanduku chenye anwani kikatokea. Nikashikilia kitufe cha Ctrl, nikabofya.

Chumba kikajaa sauti ya Mama. Akamshukuru Mungu kwa uhai. Akamshukuru kwa binti yake aliyerudi, akamtaja kwa jina lake la utotoni, akacheka, akaishukuru hata mvua. Nilisubiri. Jina langu halikuja. Sauti ikaisha.

Wivu haukuniondoka. Ulikaa palepale, umekunja miguu.

Mama alikuwa analia. "Nani anabonyeza?" akauliza.

Wifi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. "Mke wa mwanao, Mama," akasema.

"Mwambie arudie."

Nikashikilia Ctrl, nikabofya tena.