Sawa ya Mzee Kibii

Mzee Kibii alitoka Kuresoi Jumatatu asubuhi kuchukua matanki matatu ya maji dukani kwetu Nakuru. Nilifungua kwotesheni yake, ile hati ya bei tuliyompa, kwenye kompyuta ili niigeuze iwe oda, mashine ikakataa. Bei hiyo ilikuwa halali hadi Ijumaa, na tangu Jumamosi kila tanki lilikuwa limepanda kwa elfu mbili.

"Kijana, mimi nilikubali Ijumaa," akasema. "Angalia simu yako."

Kweli, Ijumaa mchana alikuwa ameniandikia neno moja: Sawa. Nikampelekea simu meneja wetu, Shital, kwa sababu ni yeye tu anayeweza kuongeza muda wa bei.

"Kimaiyo, hii sawa ni ya kukubali ama ni ya kusema amesikia?" akauliza. "Wewe nikikuambia uje saa mbili unajibu sawa, halafu unafika saa tatu."

"Hiyo ni sawa ya heshima, boss."

Mzee hakucheka. "Mama, hebu soma ya chini yake."

Kulikuwa na ujumbe wa pili, wa Ijumaa hiyo hiyo, ambao sikuwa nimeusoma: Nakuja na lori Jumatatu, msiuzie mtu mwingine.

"Sasa hiyo ni oda," Shital akasema. Aliongeza muda hadi siku hiyo, akaandika kwamba mteja alikubali kabla ya muda wa bei kuisha, akaambatisha picha ya ujumbe na kuidhinisha. Nilipobonyeza tena, oda ilitoka na namba yake, kwa bei ya zamani.

Mzee alitabasamu, akaniangalia juu mpaka chini. "Twende kwa lori. Mwenye hasomi ujumbe ndiye anabeba."