Kadi za Jengo Jipya

Kama kuna kitu kilichomkera Mama Katoni kuliko foleni, ni karani anayetabasamu huku anakwambia urudi kesho. Huyu wa ofisi ya utumishi ya kiwanda cha biskuti alikuwa na tabasamu lisiloisha, na kesho zake nazo zilikuwa haziishi. Hii ilikuwa safari ya tatu. Mama Katoni aliketi kwenye benchi la ukumbini, mkoba wa karatasi mapajani. Pembeni yake alikaa mumewe, fundi wa matanuri, aliyestaafu wiki mbili zilizopita. Mzee alikuwa ametulia tuli, utadhani kiinua mgongo kinachohesabiwa humo ndani ni cha mtu mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Ijumaa haikuwa mbali. Mwenye nyumba alikuwa ameamua kuuza vyumba viwili walivyopanga, pamoja na kiua chake cha nyuma. Wao walipewa nafasi ya kwanza kwa sababu wamekaa humo tangu kitinda mimba wao hajaanza kutembea. Bei ilikuwa milioni kumi na nne, taslimu, na mwisho wake Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo kulikuwa na mwenye duka la vipuri aliyekwisha kuja mara mbili kupima kuta kwa futi, bila hata kuwasalimu.

Safari ya kwanza fomu ilikuwa imeandikwa milioni kumi, laki tatu na sabini na nne elfu. Mzee alishaishika kalamu.

"Weka chini hiyo," Mama Katoni alimwambia.

"Mama watoto, hawa watu wana kompyuta."

"Mimi nina macho. Weka chini."

Hakuwa na hasira za bure. Miaka miwili nyuma, alipostaafu yeye kutoka idara ya kufungasha, mumewe alimwambia maneno kama hayo. Piga sahihi, mama, tusiwasumbue watu. Akapiga, akachukua milioni zake saba, laki moja na arobaini elfu, na tangu siku ile lilikuwa limemkaa kooni kwamba hakupewa nafasi ya kuhesabu. Yeye, ambaye jina lenyewe la Mama Katoni alilipata kwa sababu aliweza kutazama rundo la maboksi na kutaja idadi yake kabla mwenye daftari hajavua kifuniko cha kalamu!

Basi aliutoa mkataba mkobani, akauweka mezani, akamwomba karani asome kwa sauti. Binti alisoma. Mfanyakazi anayestaafu atalipwa mshahara wa msingi wa siku ishirini na moja kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo. Mshahara wa siku utapatikana kwa kugawa mshahara wa mwisho wa mwezi kwa siku ishirini na sita za kazi.

"Wewe umegawa kwa ngapi?"

Karani alitazama skrini. Tabasamu lilipungua kidogo. "Thelathini, mama. Mfumo mpya unagawa wenyewe."

"Mfumo mpya haukusaini mkataba huu."

Laki saba na themanini ukigawa kwa thelathini unapata elfu ishirini na sita. Ukigawa kwa ishirini na sita, kama ilivyoandikwa, unapata elfu thelathini kamili. Kwa siku ishirini na moja, hiyo ni laki sita na thelathini kwa kila mwaka. Mzee alipoona hesabu inapanda akachangamka, akauliza kwa nini posho ya nyumba haikuingizwa, nayo imo kwenye hati ya mshahara. Mkewe akamkata jicho. Mkataba ulisema mshahara wa msingi, na yeye hakuja pale kuomba kisicho chake.

Karani akasahihisha. Ikatoka milioni kumi na moja, laki tisa na sabini elfu. Mzee akashukuru kwa mikono miwili. Mama Katoni hakushukuru. Aliigawa kimoyomoyo ile jumla kwa laki sita na thelathini, akapata kumi na tisa.

"Binti, miaka kumi na tisa ya nani? Huyu baba ana miaka ishirini na mitatu hapa, na miezi miwili juu."

Ndipo zilipoanza kesho. Safari ya pili aliambiwa kadi ya mfanyakazi inaonyesha alianza kazi miaka kumi na tisa iliyopita, na mfumo unafuata kadi. Akaonyesha tarehe ya mkataba. Akaambiwa mkataba unaonyesha siku mtu aliyosaini, hauonyeshi kama aliacha kazi katikati akarudi tena. Mkataba wenyewe unataka utumishi mfululizo. Akauliza atauthibitishaje mfululizo. Akaambiwa kwa madaftari ya mishahara ya jengo la zamani, ya kabla kiwanda hakijahamia hapa. Akauliza yako wapi. Stoo. Na ufunguo? Anao meneja. Na meneja? Kasafiri, rudini kesho. Mama Katoni alitoka pale damu inamchemka, akamsema mumewe njia nzima, ingawa safari hii maskini hakuwa amefanya lolote.

Na leo ufunguo ulikuwepo. Karani aliwaita, akawaongoza hadi chumba kisicho na dirisha nyuma ya bohari ya unga, chenye rafu za chuma na vumbi la kumtoa mtu chozi. Lazima ikubalike kwamba binti yule hakuogopa kuchafuka. Alipanda kwenye kiti, akashusha madaftari manne makubwa, moja kwa kila mwaka, wakayafungua juu ya boksi.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Mwezi kwa mwezi, karani alisoma na Mama Katoni akahesabu kwa vidole. Jina la mzee lilikuwepo Januari, likawepo Februari, likawepo kila mwezi, na mbele yake sahihi yake ya madaha yenye mkia mrefu. Miezi arobaini na minane, bila pengo hata moja. Kuanzia mwezi uliofuata, wa jengo jipya, kadi ikapokea kijiti.

"Ni mfululizo," alisema karani. Alionekana kufurahi kwa dhati. "Miaka ishirini na mitatu kamili. Miezi miwili inayobaki haihesabiwi, mama."

"Haihesabiwi, najua. Milioni kumi na nne, laki nne na tisini elfu."

Karani alibonyeza kikokotoo chake. Ikaja hiyo hiyo. Mzee alikaa juu ya gunia tupu, akajipangusa uso, akasema alhamdu mara tatu. Nyumba ilikuwa yao.

"Sasa nitoe kadi yenyewe, niiandikie sababu ya marekebisho," alisema karani, akavuta kisanduku cha mbao. "Sijui nani alizijaza hizi. Zote zina tarehe moja."

Mama Katoni aliinama kutazama. Kadi ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimepinda kwa madoido, na T ina kofia ndefu. Mwandiko huo aliujua. Ndio ulioandika barua zake za uchumba.

Aligeuka polepole.

"Baba watoto. Nani alijaza kadi hizi?"

Mzee alianza kujikuna shingo. Walipohamia jengo jipya, alisema, kadi za zamani ziliharibika kwa maji. Msimamizi wa wakati ule akatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kujaza mpya, akapewa yeye, pamoja na soda mbili. "Pale palipoandikwa tarehe ya kuanza... mimi nilidhani ni kuanza kwenye jengo jipya. Sote tulianza siku moja. Nikaweka siku ile."

"Kwa wote?"

"Kwa wote waliohamia."

Mama Katoni aliinyoosha mikono kwenye kisanduku bila kuomba ruhusa, akapekua, kadi ya tano, ya tisa, ya kumi na nne. Akaikuta yake. Ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, jina lake limepigiwa mstari wenye maua pande mbili. Na chini yake tarehe ile ile, wakati yeye alikuwa ameshafungasha biskuti miaka mitatu katika jengo la zamani, lile lililokuwa linavuja.

Hakuhitaji kikokotoo. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa laki tano na ishirini, elfu ishirini kwa siku, laki nne na ishirini kwa mwaka. Milioni saba, laki moja na arobaini elfu ilikuwa miaka kumi na saba. Yeye alifanya ishirini. Milioni moja, laki mbili na sitini elfu zilikuwa zimebaki humu ndani, zimezikwa kwa mwandiko mzuri, na aliyezizika ndiye aliyemwambia apige sahihi haraka.

"Mama watoto," mzee alianza.

"Usiniite."

Karani, masikini, alitazama sakafu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba sahihi haiigeuzi hesabu mbovu kuwa nzuri. Mama aandike barua ya madai, aambatanishe kurasa za madaftari, yeye ataipeleka juu. Hawezi kuahidi, kwa sababu fomu aliyosaini inasema hana dai lingine.

"Na hawa wengine?" Mama Katoni alikigusa kisanduku. "Waliokwisha kuondoka?"

"Asiyedai hatafutwi, mama. Na wengi hawajui kuna cha kudai."

Mzee alisaini fomu yake mpya saa saba, na sahihi yake safari hii haikuwa na mkia. Hundi ingekuwa tayari Alhamisi. Walirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa na haki ya kufurahi, Mama Katoni, na furaha ilikataa kabisa kuja. Alikuwa amejaa hasira hadi kope, na mbaya zaidi, hasira yenyewe haikuwa na mkorofi wa kutupiwa. Angekuwa karani, angemtukana akalala vizuri. Lakini alikuwa huyu, anayemjua kuliko mtu yeyote, anayevua viatu mlangoni polepole kama mwanafunzi aliyechelewa.

Alitandaza karatasi juu ya meza ya chakula, akaweka kalamu.

"Kaa. Kadi ngapi?"

"Sitini na... sitini na mbili, nadhani."

"Usinidhanie. Andika majina. Wote. Na anapokaa kila mmoja, kama unajua."

Aliandika. Jua la mchana lilisogea kutoka mezani hadi ukutani. Wa matanuri aliwakumbuka haraka. Wa kufungasha alitajiwa na mkewe, aliyesimama nyuma yake, mikono kifuani. Madereva. Yule wa kupima unga. Kisha Mama Katoni akamtaja aliyekuwa anasimama naye meza moja miaka yote ya jengo la zamani, wakipokezana kitambaa cha kufutia jasho.

Kalamu ilisimama.

"Huyu si tulimzika mwaka jana?" alisema mzee.

"Tulimzika."

"Sasa niandike vipi?"

Mama Katoni alivuta kiti, akaketi kando yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Andika," alisema. "Ana watoto."