Pengo la Ololosokwan

Nimefanya kazi nyingi katika miji mingi, na kompyuta nilijifunza uzeeni, wiki tatu, kwenye chumba cha juu ya duka la spea pale Arusha. Mwaka 2009 nilikuwa Karatu, nachapa takwimu za mifugo kwenye shirika moja dogo. Sikuwa na cheo. Lakini kosa ninalolisimulia hapa lilipita kwenye vidole vyangu, kwa hiyo sitamsema Elisaria peke yake.

Elisaria alikuwa meneja mpya, kijana wa Machame, mwenye kola iliyonyooka hata vumbi jekundu la Karatu likivuma. Siku ya kwanza aliishika taarifa yetu ya robo mwaka, kurasa kumi na mbili, akaipekua kama anayepekua nguo chafu.

"Mzee Wilibrodi, hii ni taarifa au ni mnada wa mitumba? Ukurasa huu maandishi haya, ule mengine. Huku bluu, huku zambarau. Grafu hii imelala kushoto, ile inaning'inia."

Alisema kweli, na iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Kila ukurasa ulikuwa umetengenezwa na mtu wake, kwa rangi aliyoamka nayo.

Basi tukatengeneza themu. Ni faili moja dogo: ndani yake kuna rangi sita kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya sita, na fonti mbili, moja ya vichwa na moja ya maelezo. Ukiipachika kwenye kitabu cha Excel, kurasa zote zinavaa sare. Ya kwanza tuliweka kahawia, ya pili dhahabu, ya tatu kijani. Kila kichwa kikakaa kwenye seli ileile, kila grafu ikaanza safu B na kuishia safu K. Siku tisa. Ukigeuza kurasa harakaharaka, hakuna kinachoruka. Nilijivuna, sikatai.

Elisaria akaongeza lake. Ufunguo wa rangi, unaosema rangi ipi ni ya kijiji kipi, ulikuwa kwenye kila grafu. Akaamuru uondolewe wote, ubaki mmoja tu ukurasa wa kwanza: kahawia Ololosokwan, dhahabu Arash, kijani Oloipiri.

"Ukurasa lazima upumue," alisema.

Asubuhi ya mkutano tulibaki na ukurasa wa saba, vifo vya mbuzi kwa kila mwezi. Ololosokwan hawakuleta takwimu zao. Safu yao kwenye jedwali la kompyuta, ambalo halichapwi, ilikuwa tupu, na kwenye grafu, kila mwezi, mahali pa nguzo yao palikuwa na uwazi.

"Hilo pengo ni nini?" akauliza Elisaria.

"Ololosokwan, Bosi. Hawajaleta."

"Linavunja mpangilio. Kurasa nyingine nguzo zimebanana, hapa kuna mapengo kama mdomo wa bibi. Liondoe."

Nikaifuta safu. Nguzo zikabanana vizuri. Nikachapa nakala ishirini, nikaenda kupanga viti.

Saa nane ukumbi ulijaa. Nyuma, ukutani, yalipangwa masanduku ya barafu yenye chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi, dozi elfu tatu, hazitoshi sehemu mbili. Gari lilikuwa nje, tangi limejaa, likisubiri kuambiwa liende wapi ng'ambo ya Ngorongoro. Mwenye kuamua alikuwa Josephati, daktari wa mifugo mstaafu, mjumbe wa wafadhili. Karibu yake alikaa Nanyori, afisa mifugo wetu, mzaliwa wa Arash, na mzee Ngoitiko aliyesafiri siku mbili kutoka hukohuko Arash.

Josephati alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma ufunguo. Akaenda wa saba. Akatabasamu.

"Safi sana. Sasa hata mtu mwenye haraka anaelewa. Kahawia ndiyo inayokufa. Mwezi uliopita mia mbili na kumi na mbili. Kahawia ni Ololosokwan. Dhahabu, Arash, thelathini na moja tu. Kijani, Oloipiri, haimo kabisa. Chanjo iende Ololosokwan."

Karani mwenzangu akaanza kuandika jina kwenye lebo za masanduku.

Nanyori alisimama hadi kiti kikaanguka. "Thelathini na moja? Daktari, mbuzi zaidi ya hao wamekufa kwa mama yangu peke yake! Mia mbili na kumi na mbili ni wa Arash, nimewahesabu mimi, kwa mguu, boma kwa boma!"

"Dada Nanyori, tulia," alisema Elisaria. "Tunaelewa uchungu wa nyumbani. Lakini takwimu hazina nyumbani."

"Takwimu hizo nimekuletea mimi!"

Ngoitiko akauliza kinachosemwa. Nanyori akamweleza kwa Kimaa, huku akigonga karatasi kwa kidole. Mzee akaitazama ile nguzo ndefu, kisha akamgeukia Elisaria, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Wewe kijana. Ng'ombe wangu namwita kwa rangi yake tangu anazaliwa. Nikiuza yule wa mbele, huyu wa nyuma anabadilika ngozi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua palepale nilichofanya.

Kompyuta haijui Arash. Inajua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipoifuta safu ya Ololosokwan, Arash ikasogea kuwa ya kwanza ikavaa kahawia, Oloipiri ikavaa dhahabu. Na ufunguo ambao ungetuonyesha tulikuwa tumeuondoa ili ukurasa upumue.

"Rangi zimehama," nilisema.

"Mzee Wilibrodi, kaa chini." Elisaria hakunitazama. "Themu ni moja kurasa zote. Nimekagua mwenyewe."

"Sare ni moja, waliovaa wamebadilishana! Umekagua sare!"

"Nimesema kaa!"

"Sikai! Umeniambia nifute pengo, nikafuta kama mjinga. Sasa mbuzi wa watu wafe kwa sababu wewe hupendi mapengo?"

Sikungoja ruhusa. Nilikwenda kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta, nikaingiza safu tupu mbele ya Arash, nikaandika juu yake Ololosokwan, nikaiunganisha tena na grafu, nafasi yake ileile ya kwanza. Ukutani, mbele ya wote, nguzo ndefu ikageuka kutoka kahawia kuwa dhahabu. Fupi ikawa kijani. Pengo likarudi kila mwezi, baya, wazi.

Watu wakalinganisha ukuta na nakala zao.

Josephati alivua miwani. "Kwa hiyo Ololosokwan?"

"Hatujui," nilisema. "Hiyo ndiyo maana ya pengo. Hatujui."

"Na nusura nipeleke dozi elfu tatu mahali tusipopajua." Akamgeukia Elisaria, sauti imeshuka, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kijana, ningesaini. Unaelewa? Ningesaini nikakusifu. Chanjo iende Arash. Ololosokwan mtu aende kesho akahesabu."

Elisaria alikusanya nakala zake ishirini akizigonganisha mezani zinyooke kingo. Aliponipita alisema meno yamebana, "Jumatatu usije."

"Jumatatu rudisha funguo za rangi kila ukurasa," nilimjibu, "au utawaua wengine."

Ngoitiko hakunishukuru, na sikumtegemea anishukuru. Alisema tu, "Siku mbili nimesafiri kuja kubishana na karatasi," akachukua fimbo yake akatoka kwenda kwenye gari.

Nanyori alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya masanduku. Alimnyang'anya karani kalamu ya wino mzito, akafuta OLOLOSOKWAN kwa mstari mmoja, chini yake akaandika ARASH, akikandamiza hadi lebo ikachanika. Akasogea kwenye sanduku la pili.