Aliposema Haya

Mkuu wetu wa kituo akienda semina hurudi na karatasi. Safari hii alirudi na ukurasa mzima wa maneno ya kumsomea mgonjwa kabla ya kumhudumia kwa simu, akaubandika ukutani mbele ya meza yangu kwa plasta ya vidonda, kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha.

"Neno kwa neno," akaniambia. "Na jibu la mgonjwa uliandike kama alivyolitamka. Usiniandikie 'amekubali.' Amesema nini?"

Nikamwambia sawa. Mtu aliyechoka hana nguvu za kubishana na karatasi.

Mimi ni tabibu, na zamu ya simu hunikuta baada ya chakula cha mchana, katika chumba kilichokuwa stoo ya maboksi ya glovu. Nawapigia wagonjwa waliotoka hospitali karibuni, nawauliza hali, naandika kwenye faili. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Shida ni kwamba sisi hatuulizani hali, tunasalimiana. Ukimuuliza mtu hujambo, atakwambia hajambo. Ana homa, hajambo. Amevunjika mguu, salama tu, daktari, tunashukuru. Mpaka umalize salamu za watoto na za majirani ndipo aseme "ila," na kwenye hiyo "ila" ndiko uliko ugonjwa. Siku hiyo nilishasikia "ila" nyingi hadi sikio la kulia likapata moto, nikahamia la kushoto.

Aliyefuata alikuwa mama mtu mzima, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, mwenye moyo uliodhoofika. Hospitali walimruhusu na kidonge cha kupunguza maji mwilini, kile kinachomfanya mtu aende chooni kila mara. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa miguuni, kisha kwenye mapafu. Nikapiga namba iliyo kwenye faili, akapokea mwanamume.

"Mimi ni mwanawe. Nipo naye hapa sebuleni, nimeweka spika. Anaendelea vizuri sana. Dawa nampa mimi mwenyewe kila jioni nikitoka kazini, namsimamia mpaka ameze. Wewe tuandikie nyingine tu, daktari, usijisumbue."

Nasema kwa moyo mweupe, alikuwa mtoto mwema. Wapo wasiojua hata mama zao wanaumwa nini. Na mimi nilikuwa natamani sana kutojisumbua.

"Ahsante, baba. Naomba nimsikie mwenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba unitajie jina lako kamili na mwaka uliozaliwa, nihakikishe naongea na mwenye faili."

Akataja. Kati ya jina lake na la baba yake alinyamaza kidogo, nikadhani simu inakatakata. Nikainua macho ukutani, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mabasi.

"Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Ningependa kukuhudumia kwa simu leo. Kwa simu siwezi kukuona wala kukupima, kwa hiyo yapo yanayoweza kunipita, na nikiona haja nitakuomba uje. Tutakayoongea nitayaandika kwenye faili lako. Simu hii hairekodiwi. Unaweza kukataa, au kuniambia tuache wakati wowote, na hutanyimwa matibabu kwa ajili hiyo. Je, yupo mwingine anayetusikia?"

"Mwanangu. Na mkwe wangu... yuko jikoni."

"Unaridhia tuendelee wakiwa wanasikia?"

"Mara ya mwisho kuulizwa kama naridhia... nilikuwa naolewa."

Mwanawe akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha mama akasema, "Haya, daktari."

Nikaandika kama nilivyoagizwa: *Mgonjwa amesema: Haya.*

Siku nyingine zote ningeandika "amekubali," nikasonga mbele, na mgonjwa anayefuata akapata zamu yake mapema. Lakini neno lilikuwa pale kwenye karatasi, peke yake, nami nikaliangalia. Mdomoni lilikuwa ruhusa, tena ruhusa ya mtu anayempisha mwenzake mlangoni kwa sababu hana la kufanya. Kwenye karatasi lilisomeka haya ile nyingine, ya mtu kuinamisha uso. Sikujua aliniambia ipi. Nikajikasirikia, kwa sababu nilijua sasa sitaweza kuendelea.

"Baba," nikamwambia mwanawe, "kila mgonjwa huwa naongea naye kidogo peke yake. Ndio utaratibu. Naomba uzime spika, umpe mama simu, umwache dakika chache."

"Mimi na mama hatufichani kitu."

"Naamini. Hata hivyo naomba."

Akanung'unika, nikasikia mlango. Kisha nikasikia kitu ambacho spika na maneno yangu mwenyewe vilikuwa vimekifunika: pumzi. Fupifupi, za karibukaribu, masikioni mwangu kabisa.

"Sasa tuko wawili, mama. Nikuulize tena: unaridhia tuongee? Na ukisema hapana, ni hapana."

"Naridhia," akasema. "Sasa... naridhia."

Nikamuuliza usiku analalaje. Akasema halali, anakaa kwenye kochi, akijilaza anahisi kama anazama. Miguu? Viatu havimwingii. Kifua kinauma? Hapana. Kila jibu alilikata vipande viwili vitatu ili avute pumzi, nami nikawa naandika.

"Na kidonge cha maji, mama?"

Sikumharakisha, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kudunga sindano.

"Nakiweka chini ya ulimi. Akigeuka... nakitema."

"Kwa nini?"

"Nakaa kwa mwanangu, daktari. Nalala sebuleni. Choo kiko nyuma... lazima nipite chumbani kwao. Kidonge ananipa jioni. Usiku kucha nafungua mlango wa mtu na mkewe." Akavuta pumzi. "Nikajizuia. Siku moja sikuwahi. Kwenye kochi lao jipya. Mkwe wangu akavua foronya ya mto wake, akaifua, akaianika. Hakusema neno. Angenigombeza ningepona. Hakusema hata neno... Mimi niliyewashonea watu nguo za harusi."

Akalia, na kilio kikammalizia hata zile pumzi chache. Mimi niko upande wa pili nimeshika kalamu, siwezi hata kumshika bega. Wanasema mficha uchi hazai. Ni rahisi kwa mwenye choo chake.

Nikamweleza bila kuzungusha: maji yamefika kwenye mapafu, hili si la simu, anapaswa kupimwa leo, sasa hivi, kwa sababu akisubiri anaweza kufa kwenye kochi hilohilo. Nikamwambia pia kwamba kile kidonge kwa kawaida hunywewa asubuhi, mtu akahangaika mchana, na kwamba hakuna aliyemwambia mwanawe. Akasema, "Kumbe," kwa sauti ndogo sana.

"Utakuja, mama?"

"Nikija, utamwambia mwanangu?"

"Nitamwambia unachoniruhusu tu. Unaniruhusu niseme nini?"

"Mwambie ninaumwa. La kochi usiseme... wala kwa mkwe. Ukisema la kochi, siji."

Nikaandika: *Ameridhia kuja leo. Ameomba sababu ya kuacha dawa isisemwe kwa mtu yeyote wa nyumbani.* Nikamsomea. Akasema ndivyo.

Mwanawe aliporudi kwenye simu nikamweleza kwamba mama anahema vibaya, aletwe kituoni sasa hivi akiwa amekaa, asilazwe kwenye gari, na midomo ikibadilika rangi au akianza kuchanganyikiwa wasije kwangu, waende moja kwa moja hospitali.

"Lakini dawa anakunywa! Nampa mimi!"

"Tutaangalia hapa."

"Amekwambia nini?"

"Ameniruhusu nikuambie anaumwa."

Nikajua nimemuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa, kwa ajili ya kutimiza ahadi. Zipo siku kazi hii ni ya hivyo. Akasema yeye lazima arudi kazini, mkewe atamleta.

Nilimwachia tabibu mwenzangu wagonjwa waliobaki, nikamwandalia mama kitanda cha kuinua mgongo na mtungi wa oksijeni. Walifika kabla sijamaliza. Mama alikuwa mdogo kuliko sauti yake, miguu imejaa mpaka ngozi inang'aa. Muuguzi akamsukuma ndani kwa kiti cha magurudumu. Mkwe alibaki mlangoni na mkoba mkubwa, akanivuta mkono.

"Daktari, humu nimeweka nguo za kubadilisha tatu, na kitambaa kinene cha kukalia, na taulo." Alisema haraka, akitazama sakafu. "Ana shida ya mkojo. Yeye hajui kama najua kwamba inamtesa. Nilinyamaza nisimwaibishe, nikadhani ndiyo heshima. Mume wangu hajui. Nakuomba usimwambie mama nimekwambia. Atakufa kwa aibu."

Nilitamani kukaa chini palepale kwenye korido. Siri ilikuwa moja, ya watu wawili wanaopendana, kila mmoja ameniziba mdomo kwa mwenzake. Ningesema sentensi moja tu wote wawili wakapumua. Na sikuwa na ruhusa ya sentensi hiyo kutoka kwa yeyote.

Nikaingia. Oksijeni ilikuwa imeanza, muuguzi anatafuta mshipa wa kumchoma dawa. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mama, dawa hii ya sindano itatoa maji kwa kasi. Utahitaji mtu wa kukusaidia na beseni, tena mara nyingi. Muuguzi yupo, akibanwa na kazi nipo mimi. Na mkwe wako yuko mlangoni. Unaridhia aingie, au abaki nje? Ukisema abaki, atabaki, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Alifumbua macho, akageuza kichwa. Kupitia mlango ulioachwa wazi mkwe alikuwa ameinama juu ya mkoba, anapanga upya vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa, na kile kitambaa kinene kilikuwa mkononi mwake, wazi kabisa, amesahau kukificha. Mama alikitazama. Mshonaji anajua kitambaa kipi ni cha kazi gani. Kisha akamtazama mkwe wake, pumzi moja baada ya nyingine, nami kalamu yangu ikiwa juu ya karatasi ikingoja maneno yake mwenyewe.

"Mwite binti yangu," akasema.