Kopo la Nyuma

Mume wangu walimwita Hesabu, na jina lilimkaa. Kila Jumamosi, mimi nimeshavaa namsubiri, yeye yuko karakanani anahesabu skrubu, bolti na nati, asije akaishiwa katikati ya kazi. Siku moja nikamtolea uvivu: "Nati zako unazijua idadi. Mimi umeniona lini?"

Wiki iliyofuata alileta makopo, mawili kwa kila kitu, akayapanga kwenye rafu, moja mbele, jingine nyuma.

"Tunatumia la mbele tu," akanieleza. "Likiisha, la nyuma linasogea mbele, na kadi niliyoiweka juu humo ndani inakwenda dukani kuagiza. Nati za milimita nane hazizidi thelathini kwa siku, na mzigo unachukua siku tano. Humu nimetia mia mbili, hata wakichelewa siku moja hatukwami. Kuhesabu basi."

Nikampata Jumamosi nne. Ya tano moyo wake ulisimama, nikabaki na karakana, mdogo wake mchomeleaji, na makopo.

Makopo yalifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililoniua. La mbele likiisha, la nyuma linasogea, mzigo mpya unaingia. Kila alichokijaza yeye kikatumika kikaisha, isipokuwa kopo la nyuma la nati za nane. Hilo sikuruhusu liguswe. La mbele likikaribia kuisha, napita dukani nanunua kiasi, namimina kimyakimya. Kadi haikwenda popote.

Jumanne moja shemeji alikuwa anafunga madawati ya shule, kazi kubwa kuliko zetu za kila siku, gari linakuja kuyachukua saa kumi. La mbele likaisha. Nikakimbia dukani, nikaambiwa nati za nane hakuna mpaka Ijumaa. Niliporudi nilimkuta kasimama mbele ya rafu.

"Shemeji, hili la nyuma mbona lina vumbi?"

Nikasogea nikasimama kati yake na rafu.

"Ni kaka aliyelijaza?"

"Usilifungue."

Akaweka spana chini. "Madawati sita yamebaki, kila moja nati nane. Mimi sitalifungua. Ukisema tuyaache, tutayaacha."

Sitaficha, nilimkasirikia marehemu. Alinipa Jumamosi nne, halafu akaniachia mpango usiotaka chochote chake kibaki. Nikalia pale pale, mbele ya shemeji, bila aibu. Kisha nikalishusha kopo, nikapangusa vumbi kwa khanga yangu, nikafungua. Kadi ilikuwa juu, kwa mwandiko wake: Nati 8, agiza 200. Nikaiweka kando iende dukani.

Shemeji angeweza kuchota mwenyewe. Hakuchota. Alikinga kiganja, nami nikampa nati moja moja.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Gari lilipopiga honi nilikuwa nimefika arobaini na nane. Zilibaki mia moja hamsini na mbili, na nilijua nitazihesabu zote.